Renda inapokataa: ni RAM, ni kadi ya grafiki, au ni joto?

Mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa nne, alinitumia picha moja tu usiku: skrini ya Blender, programu ya kutengeneza modeli za pande tatu na kuzirenda, yaani kuzigeuza picha kamili, na chini yake maneno `System is out of GPU memory`. Sijajibu bado, akaongeza: "Kaka, nimeshapata RAM nyingine ya GB 16, kesho naichukua. Itatosha?"

Kompyuta yake ilikuwa na RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki RTX 3050 yenye kumbukumbu yake ya GB 4. Nikamwambia asitoe hela kwanza. RAM ile isingemtibu kinachomuuma, maana kilichojaa hakikuwa RAM. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwa wanafunzi wa modeli za pande tatu: mashine inakwama, neno "kumbukumbu" linaonekana mahali fulani, na mtu anakimbilia kununua kumbukumbu isiyo sahihi.

Kumbukumbu zipo mbili. RAM ni ya mashine nzima: modeli iliyofunguliwa, programu nyingine zote, kivinjari chenye tabu arobaini. Ya pili imo ndani ya kadi ya grafiki na watu huiita VRAM. Humo huingia chochote ambacho kadi inapaswa kukichora: maumbo, taa, na tekscha, yaani picha zinazobandikwa juu ya kuta na sakafu ili zionekane mbao au zege. Moja ikijaa, nafasi iliyo kwenye nyingine haikusaidii sana. Kwa hiyo swali la kwanza si "mashine ina nguvu kiasi gani", ni "kipi kimejaa wakati inakwama".

Angalia mita kabla ya kugusa chochote

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia `Performance`, kisha fanya kilekile kinachoiumiza mashine huku ukiitazama. Mistari minne inatosha: `CPU`, `Memory`, `Disk` na `GPU`. Kompyuta nyingi za kubeba zenye kadi ya grafiki zina `GPU 0` na `GPU 1`. Mara nyingi moja ni ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa na nyingine ndiyo kadi yenyewe; jina lake limeandikwa pembeni, lisome.

Ukurasa wa GPU una mtego uliowanasa wengi. Pale chini kuna `Dedicated GPU memory`, `Shared GPU memory`, na jumla yake `GPU memory`. Kwa mashine ya yule kijana jumla ilisomeka karibu GB 12, naye aliamini ana kadi ya GB 12. Hana. `Dedicated` ni GB 4, hiyo ndiyo kadi. Zilizobaki ni nusu ya RAM ambayo Windows inaruhusu kadi ikope ikizidiwa. Kukopa huko kunapitia njia iliyo nyembamba mno kuliko ile ya ndani ya kadi, kwa hiyo ukiona `Shared` inapanda wakati wa kurenda, jua kadi imeshafurika na sasa inachota maji kwa kijiko.

Grafu ya `3D` nayo hudanganya. Injini za kurenda kama Cycles ya Blender hazitumii kadi kupitia mlango huo, kwa hiyo grafu inaweza kulala chini huku kadi inafanya kazi kwa nguvu zote. Kwa kadi za NVIDIA mimi huacha dirisha la amri wazi pembeni:

```
nvidia-smi --query-gpu=memory.used,memory.total,utilization.gpu,temperature.gpu,clocks.sm --format=csv -l 2
```

Kila sekunde mbili inaandika kumbukumbu iliyotumika, jumla yake, asilimia ya kazi, joto, na kasi ya kadi. Sehemu kubwa ya yanayofuata yanasomeka humo.

Dalili: modeli inakwama ukiizungusha tu, hata kurenda hujaanza

Anza na kisababishi cha bure. Zungusha modeli ukitazama mita. Kama GPU ndogo inafanya kazi na kadi kubwa imesimama kwenye sifuri, programu yako inachorwa na asiyehusika. Nenda `Settings`, `System`, `Display`, `Graphics`, ongeza programu husika, uchague `High performance`, halafu uifunge na kuifungua upya. Nimeona mashine nzuri kabisa ikilaumiwa muhula mzima kwa sababu ya kitufe hiki.

Kama kadi sahihi ndiyo inayofanya kazi lakini imetulia kwenye asilimia ishirini, na CPU inasoma asilimia 8 au 10, usiseme mashine imepumzika. Prosesa yenye nyuzi 16, yaani njia 16 za kufanya kazi kwa wakati mmoja, ikifanya kazi kwa uzi mmoja tu hadi mwisho wa uwezo wake, mita ya jumla itaonyesha asilimia 6 na ushee, kwa sababu mia moja gawanya kwa kumi na sita ni 6.25. SketchUp inafanya sehemu kubwa ya hesabu zake za maumbo kwa uzi mmoja, na Revit hivyohivyo kwa kazi nyingi za kuhariri. Bofya kitufe cha kulia juu ya grafu ya CPU, chagua `Change graph to`, kisha `Logical processors`, utaona uzi mmoja au miwili inapanda huku mingine imelala.

Hapo wala RAM wala kadi mpya haitakusaidia. Kinachosaidia ni prosesa yenye kasi kubwa kwa uzi mmoja, au modeli nyepesi: ficha samani, zima vivuli wakati wa kuchora, na ondoa vile vitasa vya milango vilivyopakuliwa mtandaoni vikiwa na skrubu zake zote. Kitasa kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko jengo lenyewe.

Dalili: kuchora ni laini, kurenda kunakataa au kunafunga programu

Hapa ndipo alipokuwa yule kijana. Nilimwomba afungue mita zote mbili kisha abonyeze F12, kitufe cha kuanza renda. RAM ilifika GB 11 kati ya 15.7, ikatulia. Kadi ilipanda hadi karibu MB 3,900 kati ya 4,096, ikakaa pale, na ujumbe ukatokea. Kwa hiyo RAM ilikuwa na nafasi, kadi haikuwa nayo. Blender hujaribu kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye RAM kadi ikijaa, lakini si kila kitu kinakubali kuhamishwa, na hata kikikubali renda inakuwa nzito ajabu.

Tukahesabu kilichomo. Jengo lilikuwa maktaba ya ghorofa mbili yenye ua katikati, vifaa 14 tofauti vya ujenzi, kila kimoja na tekscha tatu: rangi, ukwaruzo, na ile ya mabonde na vilima vidogo vya uso. Jumla picha 42, zote za pikseli 4096 kwa 4096. Kwenye diski kila moja ilikuwa MB chache tu, ndiyo maana hakuwahi kuzishuku. Ila JPEG ni nguo iliyokunjwa ndani ya sanduku. Kadi haiwezi kuivaa bila kuikunjua. Ikikunjuliwa, kila pikseli huchukua baiti 4, na 4096 mara 4096 mara 4 ni MB 64 kwa picha moja. Mara 42, unapata MB 2,688. Zaidi ya nusu ya kadi imekwisha kabla ya ukuta hata mmoja kuingia. (Picha za kijivu zinaweza kuchukua chini ya hapo, lakini kwa makadirio hesabu hii inafaa.)

Ukipunguza upande wa picha kwa nusu, uzito unashuka hadi robo. Kwa pikseli 2048 kila moja inakuwa MB 16, na zote 42 zinakuwa MB 672. Blender ina njia ya kujaribu hilo bila kugusa faili hata moja: kwenye `Render Properties` washa `Simplify`, kisha weka `Texture Limit` kuwa 2048. Tuliweka, renda ikaanza. Haikumalizika, lakini ilianza, na hapo tulijua tumeshika mkia wa nyoka sahihi.

Mwili wake ulikuwa miti. Ua ulikuwa na miti 30, yote mmoja ulionakiliwa kwa Shift+D. Kwa kawaida ya Blender, Shift+D hutengeneza umbo jipya kamili kila mara, hivyo kadi ilibeba miti 30 ya kweli, kila mmoja na majani yake yote. Alt+D hutengeneza nakala inayoazima umbo la wa kwanza: kadi inabeba mti mmoja na orodha fupi ya mahali pa kuusimamisha. Kwa miti iliyokwisha kupandwa huhitaji kuanza upya. Ichague yote, ule wa asili uwe wa mwisho kuchaguliwa, bonyeza Ctrl+L, kisha `Link Object Data`. Kwenye SketchUp jambo hilohilo linaitwa `Component`. Ukinakili `Group` kisha ukaanza kuzihariri moja moja, kila moja inakuwa umbo lake.

Baada ya hapo kadi ilisoma chini ya MB 2,400 na renda ikafika mwisho. Sakafu ya mbao iliyo mbele ya kamera ndiyo pekee iliyoharibika, ikawa na ukungu mahali ambapo nyuzi za mbao zilipaswa kuonekana. Tukazima `Simplify`, tukapunguza picha 39 kwa mkono, na tatu za sakafu tukaziacha kwenye 4096. Hesabu: 39 mara 16, jumlisha 3 mara 64, ni MB 816. Ukuta wa mbali unaochukua upana wa pikseli 300 kwenye picha ya mwisho hauna la kufanya na tekscha ya 4096 iliyotandazwa juu yake mara moja. Hakuna jicho litakaloiona tofauti.

Mawili mengine hula kadi kimyakimya. Ukiacha dirisha la kuchorea katika hali ya `Rendered` halafu ukabonyeza F12, kadi inabeba mandhari mara mbili, moja ya dirisha na moja ya renda. Rudisha dirisha kwenye `Solid` kwanza. Na kama bado unabanwa, renda bila kufungua dirisha la Blender kabisa:

```
blender -b maktaba.blend -o //picha_#### -f 1
```

Hakuna dirisha la kuchora, hakuna vitufe. Kadi inabeba mandhari tu. Zingatia mpangilio: `-o` itangulie `-f`, la sivyo picha itaandikwa mahali pengine na utaitafuta hadi asubuhi.

Kwa programu za kurenda papo kwa papo kama Enscape, Twinmotion na Lumion, chanzo ni kilekile ingawa dalili hubadilika. Badala ya ujumbe, mara nyingi utaona picha inaruka ruka, tekscha zinageuka ukungu, au programu inajifunga. Baadhi yake hubana tekscha ndani ya kadi, hivyo hesabu ya MB 64 haitatoka sawasawa, lakini njia ya kupima ni ileile: tazama `Dedicated` inavyojaa na `Shared` inavyoanza kupanda.

Dalili: mashine nzima inaganda, hata kipanya kinasitasita

Hii sasa ndiyo njaa ya RAM, na tofauti yake inaonekana wazi. Kadi ikijaa, programu moja inaumwa. RAM ikijaa, wote wanaumwa: kivinjari, muziki, hata `Task Manager` yenyewe inachelewa kufunguka. Ukitazama mita, `Memory` iko juu ya asilimia 90 na `Disk` inafanya kazi mfululizo, kwa sababu Windows inahamishia vitu kwenye diski ili kupata nafasi. Soma pia `Committed` kwenye ukurasa wa `Memory`: tarakimu ya kushoto ikizidi RAM uliyonayo, programu zimeomba zaidi ya RAM inavyoweza kubeba, na ziada ikianza kutumika huishia diskini.

Kwa wanafunzi wa usanifu haitokei sana wakati wa kurenda. Hutokea usiku wa kutengeneza mabango ya kuwasilisha. Bango la A1 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 7016 kwa 9933, karibu milioni 70. Kwa baiti 3 kila moja, tabaka moja lililojaa ukurasa mzima ni karibu MB 200. Tabaka 20 ni GB 4, bado hujahesabu historia ya kurudi nyuma. Weka hapo Revit iliyo wazi "kwa sababu huenda nikahitaji kata nyingine", Blender yenye mandhari nzima, na kivinjari. GB 16 zimekwisha, na si kosa la programu yoyote kati ya hizo.

Dawa ya haraka ni kuzifunga zile usizozitumia na kutengeneza bango kwa nukta 150, ambazo kwa A1 inayotazamwa kutoka hatua moja au mbili mara nyingi zinatosha; uzito unashuka hadi robo. Dawa ya kudumu ni kuongeza RAM, na hapa kweli GB 32 zinabadilisha maisha. Kabla ya kununua tazama `Slots used` kwenye ukurasa huohuo. Ikiandika `1 of 2`, una bahati, unaongeza kipande kinachofanana na kilichopo na mashine inapata pia njia mbili za kusoma badala ya moja. Lakini mashine nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, na mita haisemi hivyo waziwazi. Tafuta maelezo ya modeli yako kamili kabla ya kutoa hela.

Dalili: inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inazorota

Kumbukumbu haijajaa, picha ya kwanza ilitoka kwa dakika 4, ya sita inachukua 7. Tazama nguzo mbili za mwisho za ile amri: joto limepanda na kukwama mahali pamoja, na kasi ya kadi imeshuka. Mashine inajipunguza yenyewe isiungue. Inua nyuma yake ili feni ipate hewa, toa vumbi, usiiweke juu ya godoro. Kama kasi iko chini tangu picha ya kwanza, angalia chaja: kwa betri peke yake kadi hupewa umeme kidogo sana, na chaja yenye wati pungufu huleta matokeo yaleyale huku alama ya kuchaji inaonekana vizuri tu.

Kama mita zimesema unahitaji mashine nyingine

VRAM haiongezwi. Imeshikamana na kadi, na kwenye kompyuta za kubeba kadi kwa kawaida imeshikamana na mashine. RAM, ikiwa na nafasi za kuchomeka, inaongezwa wakati wowote. Kwa hiyo kama unachagua kati ya kadi ya GB 8 na RAM ya GB 16 inayoongezeka, na kadi ya GB 4 na RAM ya GB 32, kwa mtu anayerenda kwa kadi mimi nachukua ya kwanza bila kujiuliza. Kwa mtu anayekaa ndani ya Revit muda mwingi na kurenda kwa prosesa, nageuza: RAM na prosesa kwanza, maana huko mandhari inakaa kwenye RAM na kadi kazi yake ni kukuonyesha dirisha tu.

Na usinunue jina. Kwa kizazi cha RTX 40 cha kompyuta za kubeba, 4050 ina GB 6, 4060 ina GB 8, na 4070 nayo ina GB 8 zilezile. Kupanda kutoka 4060 hadi 4070 kunakuongezea kasi, lakini mandhari iliyokataa kuingia kwenye moja itakataa kwenye nyingine pia. Isitoshe, RTX 4060 hiyohiyo imeruhusiwa na NVIDIA kufungwa kwa umeme wa wati 35 hadi 115 kutegemea mtengenezaji wa mashine, hivyo mbili zenye stika moja zinaweza kupishana sana kwenye renda ndefu. Wati zimo kwenye maelezo ya mtengenezaji, kwa maandishi madogo; usipoziona kwa mashine nyembamba sana, chukulia ni za chini.

Yule kijana hakununua kitu muhula ule. Alirenda picha zake tisa kwa ile kadi ya GB 4, kwa dirisha la amri, mashine ikiwa imeinuliwa juu ya rula mbili za mbao. RAM aliiongeza baadaye, alipofika kwenye mabango.